Sehemu ya tano ilikuwa mwisho, ila nyinyi hamkujua

*Shikamoo kaka. Sisi ni kikundi cha watu tisa hapa Ngamiani, Tanga. Tamthilia yetu tuliiandika sehemu 13, tumeshatoa 8 kwenye YouTube. Ya kwanza ina watazamaji 11,400, ya nane haijafika hata 750. Nusu ya kikundi wanasema tuiache, nusu wanasema tuifute tuanze upya na mwigizaji mkuu mwingine. Tumebaki na shilingi milioni 1.2, na sehemu moja inatugharimu kama 380,000. Namba zote na viungo nimekutumia. Tuiache, au tuibomoe tuijenge upya?*

Marahaba, mdogo wangu. Msifute kitu, wala mwigizaji wenu msimguse. Nimeziangalia sehemu zote nane kwa siku mbili, na namba zako nimeziandika upya kwenye daftari. Tatizo mnalo, ila halipo pale mnapogombania.

Kwanza iondoeni hiyo 11,400 kwenye mabishano yenu. Sehemu ya kwanza ina zaidi ya miezi miwili hewani, ya nane ina siku saba. Kuzilinganisha hizo mbili ni sawa na kulinganisha mnazi uliozaa misimu kumi na mche wa juzi. Kila sehemu ipimwe ikiwa na umri uleule. Mimi natumia siku saba za mwanzo tangu itoke, kwa kuwa tamthilia yenu hutoka kila wiki na mtu anayeifuatilia hapitishi wiki bila kuitafuta. Kwenye YouTube Studio unafungua takwimu za video moja, unachagua tarehe kuanzia siku ilipotoka mpaka ya saba, unaandika. Zenu zinakuja hivi:

Sehemu ya 1: 3,200
Sehemu ya 2: 2,080
Sehemu ya 3: 1,810
Sehemu ya 4: 1,650
Sehemu ya 5: 1,520
Sehemu ya 6: 840
Sehemu ya 7: 780
Sehemu ya 8: 735

Sasa usisome ukubwa wa namba, soma hatua. Gawanya kila sehemu kwa iliyoitangulia. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili walivuka asilimia 65. Kutoka ya pili kwenda ya tatu 87, kisha 91, kisha 92. Halafu kutoka ya tano kwenda ya sita wakavuka 55 tu. Baada ya hapo 93, na 94.

Hatua ya kwanza kuwa kubwa si ugonjwa. Sehemu ya kwanza hutazamwa na jirani, shemeji, mpita njia na aliyebonyeza kwa bahati mbaya. Ya pili hurudiwa na aliyevutiwa. Sijawahi kushika mfululizo ambao hatua hiyo haikuwa na mporomoko, na asilimia 65 kwa kikundi kisicho na jina ni nzuri. Baada ya hapo hatua zinatakiwa zijikaze, kila moja ibakize asilimia kubwa kuliko iliyotangulia, maana wanaobaki ni wale waliokwisha kuamua. Zenu zilijikaza vizuri mpaka ya tano. Hata ya saba na ya nane zimekaza. Mtu akiniambia "watazamaji wanakimbia kila wiki" nitamwonyesha hizo 93 na 94. Hawakimbii kila wiki. Walitoka kwa mkupuo, mahali pamoja, kati ya sehemu ya tano na ya sita.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea, na mimi nimo. Ukiona sehemu ya sita imeanguka, mkono unakwenda kwenye sehemu ya sita: sauti mbaya, mwigizaji mpya hafai, rangi imefifia. Lakini fikiri kidogo. Aliyeacha kuitazama ya sita hakuiona ya sita. Hajui kama sauti ilikuwa mbaya. Alichokiona ni ya tano, halafu akaona kava na jina la ya sita, au hakuviona kabisa. Sababu ya kuondoka kwake iko katika vitu hivyo, au katika siku zilizopita hapo katikati.

Niliwahi kuhariri mfululizo wa wavuvi wa Pangani ulioanguka kwenye sehemu ya nne. Kijana mmoja alikuwa ameingia kuigiza kuanzia hiyo ya nne, tukamtoa, tukampa chake akaenda zake na uchungu wake. Ya tano ikaanguka tena. Baadaye sana ndipo nilipoirudia sehemu ya tatu na kuona nilichokifanya mimi mwenyewe: mwisho wake niliweka dondoo za sehemu ijayo za karibu dakika mbili, na ndani yake mlikuwa na kila kitu, ngalawa iliyozama, msiba, aliyehusika. Mtu akishaona hayo ya nne ataitazamia nini? Yule kijana hakuwa na kosa lolote.

Basi turudi kwenu. Watuhumiwa wako wawili. Wa kwanza ni pengo: kati ya ya tano na ya sita mlikaa siku 16 kwa sababu ya msiba wa mwenzenu, wakati mlizoea siku saba. Wa pili ni hadithi yenyewe. Mwenzako anayetaka kubadilisha mwigizaji mkuu hana ushahidi hata kidogo, kwani mwigizaji ni yuleyule kwenye hatua zenye asilimia 92 na kwenye hatua ya 55.

Pengo linaumiza, sikatai. Mtu akikuzoea Ijumaa usiku akakukosa Ijumaa moja, anapata kingine cha kutazama. Bahati nzuri namba zako zina kipimo cha kulitenga pengo na hadithi, na ni kipimo ambacho kila mwenye mfululizo anaweza kukitumia. Angalia wageni wa siku za karibuni, wale wanaoingia kwenye sehemu ya kwanza leo, kupitia utafutaji au kupendekezewa na YouTube. Hao hawajawahi kukutana na lile pengo. Wakimaliza ya tano, ya sita ipo tayari chini yake, ni kubonyeza tu. Kama pengo ndilo lililowafukuza watu, wageni hawa wangevuka bila shida.

Nimechukua siku 14 zilizopita, maana sehemu ya sita ina siku 21, na wiki yake ya kwanza nimeiacha. Katika siku hizo 14 sehemu ya tano imeongeza watazamaji 390. Ya sita imeongeza 70. Hiyo ni asilimia 18. Yaani watu ambao hawakusubiri hata dakika moja wameishia palepale, tena kwa ukali kuliko waliosubiri siku 16. Pengo limetoka hatiani. Pengine liliwapunguzia watu kidogo, ila mwizi si yeye.

Nikafungua mchoro wa `Audience retention` wa sehemu ya tano nikitarajia kukuta mporomoko dakika za mwisho, kwamba watu walichoka. Nilikuta kinyume. Asilimia 61 ya walioanza sehemu ya tano walifika tukio la mwisho. Katika sehemu zenu nyingine wanafika 46 mpaka 50. Hiyo ndiyo sehemu iliyopendwa kuliko zote nane! Nikashuka kwenye maoni, na pale jibu limekaa wazi tangu siku ya kwanza. Mmoja ameandika "mwisho mzuri sana, nimelia". Mwingine, "hongereni, mtuletee nyingine". Mwingine akauliza, "kazi yenu ijayo lini?" Nyinyi mmewajibu wote kwa kopa nyekundu.

Watu hao hawakuwakimbia. Walimaliza.

Itazame tena sehemu ya tano kama mtu asiyekujua. Tamthilia ilianza na mzee amefariki, nyumba ya Barabara ya 9 ina watoto watatu wanaoigombania, na hati haionekani. Swali hilo, hati iko wapi na nyumba itakuwa ya nani, ndilo lililobeba watu kwa sehemu nne. Katika ya tano shangazi anafungua sanduku, hati inatoka, wale ndugu wanakaa kwenye mkeka mmoja, kaswida inaingia, kamera inapanda juu ya paa la bati, majina yanashuka. Mama yangu mzazi akiona hivyo anazima simu anakwenda kulala. Hakuna hata uzi mmoja ulioning'inia. Halafu sehemu ya sita inaanza na mdogo wao yuko Horohoro na biashara ya magendo, na watu watatu ambao hatujawahi kuwaona. Hiyo ni hadithi ya pili iliyovikwa namba ya hadithi ya kwanza. Aliyeipenda ya kwanza haoni sababu ya kuja, kwake mambo yamekwisha. Na mgeni ambaye angeipenda hii ya magendo anaona imeandikwa "SEHEMU YA 6" anasema, aah, hii mpaka nianze mbali.

Wale 840 waliovuka ni wapenzi wenu hasa, wanaokuja kwa ajili yenu hata kama hadithi imebadilika. Ndiyo maana hatua zao ni imara.

Kuna tundu la pili ambalo hukuliuliza, nalo ni rahisi zaidi kuziba. Katika siku zilezile 14 sehemu ya kwanza imeingiza watazamaji 1,900, ya pili 450 tu. Asilimia 24. Wageni huvuka wachache kuliko ndugu na marafiki wa wiki ya kwanza, hilo nalitarajia, lakini hawa ya pili wanayo tayari, na 24 ni ndogo mno kwa sehemu ya kwanza nzuri kama ile. Nikaenda kwenye mchoro wake. Tukio la mwisho linapoisha, bado wapo 46 katika kila mia walioanza. Halafu inakuja skrini nyeusi, majina yenu yanapanda taratibu na muziki, sekunde 40. Kufikia mwisho wa hizo sekunde 40 wamebaki tisa. Na kile kisanduku cha "sehemu inayofuata" mmekiweka wapi? Sekunde 15 za mwisho kabisa. Yaani mlango wa kuingilia sehemu ya pili mmeuweka nyuma ya ukuta, na wengi wa wale 37 katika kila mia wanaondoka kabla ya kuuona. Waliovuka, wengi wamejitafutia wenyewe.

YouTube inaruhusu `End screen` ikae kati ya sekunde 5 na 20 za mwisho wa video, si zaidi. Kwa hiyo dawa si kukisogeza kisanduku mbele, dawa ni kukata majina yabaki sekunde 15, kisanduku kitokee pale tu hadithi inapokatika. Najua kundi la watu tisa, watanuna. Waambie majina yao yataandikwa kwenye maelezo ya video, na kwenye sehemu mpya yatapita juu ya picha za mwanzo wakati mtu bado anatazama. Kwa sasa hayo majina yanapandia chumba kitupu.

Kukata kunafanyika humohumo kwenye `Editor` ya YouTube Studio, bila kupandisha video upya. Kiungo kinabaki kilekile, watazamaji na maoni yanabaki. Inachukua saa kadhaa kukamilika, na wakati huo watu wanaendelea kuona ile ya zamani, usiogope. Ikikamilika rudi ukague kisanduku kimekaa sekunde zipi, maana mwisho wa video umehama. Ila elewa kwamba unaweza kupunguza tu, huwezi kubadilisha faili la video na kuweka jipya chini ya kiungo kilekile. Wenzako wanaosema "tufute tupandishe upya" wanazungumzia kuanza na sifuri, na kama mna nia ya kulipwa na YouTube, saa za kutazamwa za video iliyofutwa au kufichwa hazihesabiwi kwenye zile saa 4,000 za miezi 12.

Sasa uamuzi. Mnadhani mna njia mbili, kuacha au kubomoa. Zipimeni kwa fedha mliyonayo kwanza.

Mkisema mwendelee kama mlivyoandika, zimebaki sehemu tano, shilingi milioni 1.9. Mna 1.2. Tuseme mmekopa. Kwa hatua ya asilimia 93, kutoka 735 mtafika sehemu ya 13 mkiwa na watu 510 hivi katika wiki ya kwanza. Hakuna kitu kitakachowapandisha, kwa sababu kila namba inayoongezeka kwenye kava inawafukuza wageni zaidi. Kukopa laki saba kwa ajili hiyo mimi nisingekubali.

Mkisema muiache leo, mnawaacha njiani watu 735 ambao wamewavumilia pengo, hadithi kugeuka, na sauti ya sehemu ya saba (tutaiongelea siku nyingine, ule upepo wa Raskazone ulihitaji manyoya juu ya maiki). Hao ndio watakaokuwa wiki ya kwanza ya kazi yenu ijayo. Ukimwachisha mtu hadithi katikati mara moja, mara ya pili atasubiri aone kwanza kama mtaimaliza.

Ninachowashauri ni hiki. Kubalini kwamba mlitengeneza hadithi mbili, mzitenganishe, halafu hii ya pili muifunge kwa sehemu mbili tu.

Kutenganisha hakuhitaji kamera. Sehemu ya 1 mpaka ya 5 ziwekeni kwenye orodha yao, na jina la ya tano liongezewe neno "MWISHO". Ndiyo, liandikwe wazi. Mgeni akijua hadithi ina sehemu tano na imekamilika, anaanza kwa moyo mweupe. Watu wengi wamechoka na tamthilia za mitandaoni zisizo na mwisho. Sehemu ya 6, 7 na 8 zipewe jina lao jipya na namba zianze upya: 1, 2, 3. Kava zake zibadilike rangi na sura, mtu asidhani ni ileile. Jina la video ukibadilisha, kiungo hakibadiliki. Na kisanduku cha mwisho wa sehemu ya tano kiseme "Hadithi ya mdogo wao inaanza hapa", badala ya "sehemu ya 6".

Halafu kuna jambo moja ndani ya hiyo ya 6 ya zamani. Mmeanza na "yaliyopita" ya dakika tatu nzima. Kwa mtazamaji wa zamani ni kumrudishia alichokiona, kwa mgeni ni fujo ya watu asiowajua wakilia juu ya sanduku. Mchoro unaonyesha theluthi ya watu wanaondoka humo. Ikateni yote. Tukio la kwanza baada yake, yule kijana anahesabu noti gizani kando ya lori, linajitosheleza. Ni mwanzo mzuri kuliko wa sehemu ya kwanza, nikisema kweli. Kabla hujaikata ipeleke simu barazani, pale wanapokunywa kahawa jioni, umpe mtu ambaye hajawahi kuwatazama, aanzie hapo kwenye lori. Usimweleze kitu. Akifika dakika ya tano muulize huyu kijana anataka nini na anamwogopa nani. Akijibu, sehemu hiyo inaweza kusimama yenyewe. Akikuuliza "huyu shangazi ndiye nani?", ongezeni sentensi moja ya maandishi kwenye skrini mkipandisha kazi nyingine, ila kwa hii mtaishi nayo.

Fanyeni hayo wiki hii, kisha msiguse kitu kwa siku 28. Hapa ndipo vikundi hushindwa kuvumilia. Ukibadilisha kava Jumatatu, jina Jumatano, urefu Ijumaa, hutajua kilichosaidia. Katika siku hizo mna kazi ya kuandika, kwa hiyo hamtakaa bure.

Baada ya siku 28 angalia vitu viwili tu. Kwanza, wanaovuka kutoka sehemu ya kwanza kwenda ya pili, kwa kulinganisha ongezeko la kila moja katika siku hizohizo. Ilikuwa 24. Kwa kuziba lile tundu la majina natarajia ipande ikaribie 35. Ikibaki palepale, basi nilikosea kuhusu sekunde 40 na tutafute kwingine. Pili, hadithi ya magendo: je, inapata watu wasiotoka kwenye ile ya kwanza? Fungua vyanzo vya watazamaji vya video ya 6 ya zamani. Kama sasa wengi wanaletwa na kisanduku cha mwisho na orodha, hao ni walewale. Kama utafutaji na mapendekezo ya YouTube yameanza kuleta watu, na angalau nusu yao wanavuka kwenda inayofuata, hadithi hiyo ina miguu yake.

Tahadhari kidogo na namba ndogo. Kwenye watazamaji 70, familia moja ya watu saba ni asilimia kumi. Msisherehekee wala kulia kwa tofauti kama hiyo. Vilevile ukiona wiki fulani imeshuka, angalia kama sehemu ya kwanza nayo ilishuka wiki hiyohiyo. Ikiwa zote zimeshuka pamoja, si hadithi, ni mwisho wa mwezi na vifurushi vimekwisha, au Ramadhani imebadilisha saa za watu. Na wako wanaopakua na kurushiana WhatsApp, hao hamtawaona kwenye takwimu yoyote, ila kwa kuwa wamekuwepo tangu mwanzo, hawavurugi ulinganisho wa sehemu na sehemu.

Kufunga kwa sehemu mbili maana yake ni shilingi 760,000, na mnabakiwa na 440,000. Nimeisoma skripti yenu ya sehemu tano zilizobaki. Mna nyuzi nne: kijana na bosi wa magendo, mchumba wake, deni la shemeji, na yule askari. Deni la shemeji litoeni lote, halikutajwa mpaka sehemu ya nane na limetajwa mara moja. Askari aingie ndani ya uzi wa bosi badala ya kuwa na hadithi yake. Mnabaki na swali moja, atatoka au hatatoka, na mchumba ndiye anayelipia jibu. Sehemu ya 11 yenu ya sasa ina lile tukio la usiku kwenye mikoko. Hilo ndilo kilele, na linatosha kubeba sehemu ya mwisho yote. Katika matukio ya katikati chukueni yale tu mnayoweza kushuti mahali pamoja, siku moja, ili gharama isipande.

Tangazeni mapema kwamba zimebaki mbili. Mara nyingi watu huogopa, wanasema tukitaja mwisho watu wataondoka. Nimeona kinyume: aliyekuwa ameachia njiani hurudi akisikia inaisha, na sehemu ya mwisho hupanda juu ya iliyoitangulia. Zenu zikifika hapo, hatua ya mwisho ikivuka mia, msidhani tamthilia imefufuka mkaongeza ya tatu. Ni watu wamekuja kuaga.

Kama baada ya siku 28 ile hadithi ya pili imepata wageni wake kweli, nitabadili ushauri: shutini tatu badala ya mbili, mtumie 1,140,000, na ile ya ziada iwe ya mchumba. Zaidi ya tatu hapana, hata namba ziseme nini, kwa sababu hela hamna.

Na zile laki nne na ushee zikibaki, msizigawane. Ni sehemu ya kwanza ya kazi ijayo, na sasa mnajua mnaweza kuimaliza hadithi nzima kwa sehemu tano. Ukiandika hiyo nyingine, kabla hamjashuti hata picha moja, chukua karatasi uandike mwisho wa kila sehemu ni swali gani limebaki kichwani mwa mtazamaji. Ukikuta sehemu haina swali, na bado unayo namba inayofuata, niite tuzungumze kabla hamjakodi kamera.

Leo usiku anza na zile sekunde 40.